Lori la Chumvi na Sukari

Siku bei ya kahawa ilipoporomoka, wafanyabiashara wote wa Arua walinuna isipokuwa mwanamke mmoja. Wanunuzi walikuwa wamejazana mbele ya maghala, kila mmoja na uso wa mtu aliyefiwa. Abiriga, mtu mnene ambaye siku nyingine huwezi kumnyamazisha hata ukimlipa, alikuwa amekaa juu ya gunia lake mwenyewe, kajishika kichwa, wala hasemi. Redio ilikuwa imetangaza asubuhi ile, na dereva wa gari dogo aliyepenya kutoka Kampala akathibitisha: kahawa ya Arabika inashuka tangu Februari na bado inaendelea kushuka. Sasa ilikuwa Mei, mwaka wa tisini na nane.

Mwanamke huyo, jina lake Afisa, alinunua chai kwa mama muuza mandazi, akampelekea Abiriga.

"Kunywa, ndugu yangu. Bei iko kama homa. Napanda, nashuka."

Abiriga akamtazama kama anayemtazama mgonjwa wa akili. "Wewe nacheka? Kahawa yako pia iko ndani ya ghala. Mvua ilikata barabara, lori hapana pita, sisi wote nashikwa hapa. Wewe nacheka nini?"

"Mimi iko na kinga."

"Kinga gani? Ya mganga?"

"Ya London," alisema Afisa, akaondoka kwa maringo, gauni likipepea. Ee, alikuwa na maringo. Tusimlaumu sana, aliyeshiba hajui kwamba mwenzake anasikia harufu ya mandazi yake. Lakini jambo la kinga lilikuwa la kunyamaziwa, si la kutangazwa sokoni.

Kinga yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa Januari Afisa alikopa benki, akapanda milima ya Okoro, akanunua tani ishirini za kahawa kwa bei nzuri, bei iliyowafurahisha wakulima mpaka wakamchinjia kuku. Ndipo mvua za mwaka ule, mvua ambazo wazee walisema hawajapata kuziona, zikaendelea kunyesha pasipo haya, zikabomoa madaraja, na kahawa yake ikabaki ghalani Arua. Alijua fika kwamba ataiuza baada ya miezi kadhaa, na hakujua atapewa bei gani. Na benki haikumkopesha kwa sababu ya uso wake mzuri. Benki ilikuwa na hati ya nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, askari wa Koboko aliyeijenga chini ya kilima cha Arua enzi alipokuwa na cheo. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na askari wa upande mwingine wakaja, familia ilitoka humo kwa miguu, mama kabeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wakaingia Sudan, wakakaa huko miaka. Waliporudi walikuta watu wengine ndani. Mama, ambaye majirani humwita Mama Tahiru kwa jina la kifungua mimba wake, hakugombana na mtu. Alitandika mkeka mbele ya mlango, akakaa. Akapika hapo, akalala hapo, akaamkua kila aliyeingia na kutoka, mpaka wale watu wakashindwa na aibu wakahama. Baadaye hati iliandikwa jina la Afisa, maana ndiye aliyesoma, na mama akamkabidhi akamwambia, "Weka mahali hapana panya." Afisa aliiweka benki. Hakuna panya benki. Ila mama hakuambiwa.

Kwa hiyo Februari alisafiri Kampala, akamtafuta Ocokoru, kijana wa Arua aliyefanya kazi katika ofisi ya wakala wa masoko ya nje. Ocokoru alimweleza pole pole. Wewe una kahawa, unaogopa bei kushuka. Basi leo hii ahidi huko London kwamba utauza kahawa siku za mbele kwa bei ya leo. Bei ikishuka, ile ahadi unaifuta kwa kuinunua rahisi, na tofauti inakuwa yako. Kahawa yako ghalani itakula hasara, ahadi itakula faida, zinafidiana. Bei ikipanda, ahadi inakutoza, lakini kahawa yako imepanda nayo. Huku na huku, unalala usingizi.

"Ila kuna jambo, dada," alisema Ocokoru. "London nauza Robusta, ile kahawa ya huku Buganda. Yako ya Okoro iko Arabika. Soko ya Arabika iko New York, lakini mkataba ya kule iko kubwa, moja nakaribia kumaliza mzigo yako yote, na ofisi yetu hapana fika kule. London mkataba moja iko tani tano. Nne nakutosha sawasawa."

"Hizo kahawa mbili nakwenda pamoja?"

"Mwaka jana zilipanda pamoja, zikashuka pamoja. Mara nyingi iko hivyo."

Afisa alicheka kwa furaha, maana kitu hicho alikijua tangu utotoni. Uhamishoni Sudan, na baadaye Koboko, mama yake aliwalisha watoto sita kwa ujanja huo huo. Akiwa na magunia ya sukari asiyoweza kuuza mara moja, na akiogopa bei ianguke, alimwahidi mwenzake chumvi kwa bei ya siku ile, ya kutolewa baada ya mwezi. Barabara ikifunguka, sukari ilianguka, lakini chumvi ilianguka nayo, akainunua kwa bei poa akatimiza ahadi na chenji ikabaki. Barabara ikifungwa, vyote vikapanda, alichopoteza kwenye chumvi akakipata kwenye sukari. Wanawake wa Koboko wote walifanya hivyo. Hawakuwahi kuliona kuwa jambo la kusomea.

"Chumvi na sukari," alimwambia Ocokoru, na Ocokoru, ambaye mama yake naye alikuwa mchuuzi, akacheka pia akasema ndiyo, kitu kama hicho. Afisa akatia sahihi, akaweka amana, pesa ya dhamana ya ile ahadi, akarudi Arua, akawa analala usingizi.

Basi siku ile ya Mei alitoka kwa Abiriga moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha simu karibu na posta, kumuuliza Ocokoru faida yake imefika wapi. Tayari alikuwa ameshaigawa moyoni: sehemu kwa benki, sehemu kwa mabati mapya ya mama.

Simu ilichukua muda kushika. Alipoisikia sauti ya Ocokoru alianza kwa salamu ndefu za nyumbani, na Ocokoru akazijibu kwa ufupi. 

"Dada, mimi nakutafuta tangu juzi. London imepanda."

"Imeshuka."

"Imepanda. Arabika ndiyo imeshuka. Robusta imepanda."

Afisa aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Nje ya kibanda mtu aligonga akitaka zamu yake, hakumsikia. "Ocokoru, hapana cheza na mimi. Kahawa imeshuka. Redio imesema. Abiriga nalia sokoni."

"Kahawa yako imeshuka. Watu nasema Brazil itavuna nyingi sana, na Brazil iko Arabika. Lakini Indonesia ilipata jua kali, ukame, na Indonesia iko Robusta. Kwa hiyo wanunuzi nagombania Robusta. Sasa ile ahadi yako nakutoza. Hapana pesa nyingi, lakini lazima uongeze amana kabla ya mwisho ya wiki, ama wakubwa watafunga ahadi yako wenyewe."

"Na ile hasara ya kahawa yangu? Nani nalipa?"

Ocokoru alishusha sauti. 

"Hapana mutu, dada."

Aliweka simu chini, akasahau kulipa, mwenye kibanda akamfuata barabarani. Alilipa, akasimama palepale.  Sasa alielewa, na kuelewa kwenyewe ndiko kulikomtia hofu. Alichodaiwa London kilikuwa kidogo, pengine angeweza kukopa kwa jamaa. Kilichommaliza ni kile ambacho London haikumlipa. Karibu robo ya thamani ya kahawa yake ilikuwa imeyeyuka, tangu anunue, na hakukuwa na kitu upande wa pili wa kuiziba. Alikuwa amejenga ukuta mzuri, imara, ila ameujenga upande ambao mwizi hakupitia.

Nyumbani alimkuta mama barazani akichambua maharage. Mama alikuwa amejiinamia, miguu kainyoosha juu ya saruji ya nyumba yake, akiimba kwa sauti ya chini kwa Kikakwa.

"Wewe umerudi mapema. Uso yako iko namna gani?"

"Jua, mama."

"Jua gani? Mawingu hii yote."

Afisa aliingia ndani kabla hajaulizwa zaidi. Akakaa kitandani, akatazama ukuta. Aliuona ufa uliokuwa hapo miaka nenda miaka rudi na akaupenda ghafla, ufa wa watu, mpaka machozi yakamlenga.  Hakuogopa umaskini, umaskini aliuzoea kambini. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni kumwambia yule mwanamke pale barazani: simama, mama, tunatoka tena.

Kesho yake alipanda gari la Koboko kwenda kwa kaka yake Tahiru, kutafuta pesa ya amana. Njia nzima alijipa moyo. Alijiambia kwamba bei hizo mbili zimegombana tu kama ndugu, zitapatana. Aongeze amana, angoje, asifunge ahadi, na mwezi ujao Robusta itaanguka nayo. Kwa nini isianguke? Miaka yote vitu hivi huenda pamoja. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara sauti ikazidi kuwa ndogo.

Tahiru alikuwa na duka karibu na njia ya kwenda mpakani, mtu mpole mwenye kilema cha risasi mguuni. Alimpokea dada yake vizuri, akamwagiza mkewe alete chai. Chai ililetwa na sukari tele, na Afisa akatania kidogo, kwa mazoea tu, kwamba duka limekuwa la matajiri.

"Sukari siku hizi iko rahisi," Tahiru alisema. "Chumvi ndiyo iko shida. Imepanda mpaka watu natukana mimi."

Afisa alikiweka kikombe chini. "Sukari imeshuka, chumvi imepanda?"

"Ndiyo."

"Pamoja? Mwezi moja?"

"Sasa wewe nashangaa nini? Sukari siku hizi natoka Masindi pale, kiwanda kimefunguliwa. Karibu. Chumvi bado natoka mbali, upande ya Kenya, na mvua imekula barabara ya huko. Zamani zilikuja lori moja, kwa hiyo zilikuwa ndugu. Sasa kila moja na lori yake."

Mke wa Tahiru alisema kitu kuhusu mtoto, Tahiru akajibu, chai ikapoa. Afisa hakuwa nao.  Kumbe miaka yote ile chumvi na sukari havikupendana hata siku moja. Lilikuwa lori. Mama yake aliifanya biashara ile kwa usalama kwa sababu kilichoziuma bei zote mbili kilikuwa kimoja, barabara moja, na yeye Afisa aliuchukua ujanja wa mama akaacha sababu yake Koboko. Kahawa ya Okoro ilikuwa ikiumwa na mavuno ya Brazil. Ahadi ya London ilikuwa ikiumwa na jua la Indonesia. Mwaka jana bei zake zilikwenda pamoja kwa bahati au kwa sababu nyingine, mwaka huu kila moja ikashika njia yake, na hakuna kilichozilazimisha kurudi.

Ndipo hofu ilipomshika kweli kweli. Maana kama hakuna lori moja, basi hakuna mwisho. Arabika ingeweza kuendelea kushuka na Robusta kuendelea kupanda, mwezi huu, mwezi ujao, huku akilishwa hasara kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekuja kuomba pesa ya kulisha kile kitu kinachomla.

"Na wewe ulikuja kutaka nini?" Tahiru aliuliza.

"Nilikuja kuwaona tu," alisema Afisa.

Kisha akamwambia. Hakukusudia, lakini yalitoka yote, kuanzia benki. Tahiru hakupiga kelele. Alikanda goti lake bovu, kisha akauliza swali moja, "Mama najua?" na alipojibiwa, akageuza uso. Afisa angeona heri apigwe.

Aliporudi Arua alikwenda kwenye kibanda cha simu kabla ya kwenda nyumbani.

"Funga," alimwambia Ocokoru.

"Dada, ngoja kidogo. Pengine zitarudiana. Zinaweza."

"Zinaweza kuachana zaidi?"

Ocokoru alikuwa mtu mkweli, na hilo lazima lisemwe kwa heshima yake. "Zinaweza," alisema.

"Basi funga. Amana ile ikate, ile nabaki nitumie."

Kilichobaki hakikutosha hata nauli ya kwenda kukichukua. Kahawa yenyewe aliiuza baada ya wiki kadhaa, malori yalipoanza kupita, kwa bei iliyokuwa imeshuka tena. Abiriga aliuza siku ileile, na kwa mara ya kwanza hakumtania. Walisimama bega kwa bega wakitazama magunia yakipandishwa, na Abiriga akamwambia kwamba yeye atakula hasara lakini atapona, kwa kuwa alinunua kwa pesa yake mwenyewe. Mwezi huohuo Robusta nayo ilianza kuteremka. Ocokoru alipiga simu kibandani kumweleza, kwa nia njema. Afisa alimshukuru, akakata simu, akaondoka.

Benki ilipewa kila senti ya kahawa na bado haikushiba. Barua ilisema mthamini atakuja kuipima nyumba.

Alikuja asubuhi, kijana nadhifu mwenye utepe wa kupimia. Afisa alikuwa amejiapiza usiku na mchana kwamba atamwambia mama kabla mthamini hajafika, na kila siku akaahirisha. Sasa mama ndiye aliyemkaribisha mgeni, akamtolea kiti, akamwagiza Afisa alete chai. Kijana hakuketi. Alianza kupima ukuta wa barazani, akaandika, akapima mlango. Mama alimtazama anavyoinama na kuinuka, kwanza kwa tabasamu, kisha bila tabasamu. Mtu aliyewahi kunyang'anywa nyumba anazijua hatua za namna ile.

"Afisa," aliita bila kugeuka. "Huyu mutu napima nyumba yangu ya nini?"

Afisa alipiga magoti palepale kwenye saruji. Alisema kila kitu, haraka, akiwa amekumbatia miguu ya mama: hati, benki, kahawa, ahadi ya London, bei mbili. Kijana wa benki alikwenda kupima nyuma ya nyumba, na huko akakaa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Mama Tahiru hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, na Afisa akamsikia akivuta sufuria kutoka chini ya meza, moja baada ya nyingine, akiziingiza moja ndani ya nyingine kama afanyavyo mtu anayejua kubeba vitu vingi kwa mwendo wa mbali. Akatoka nazo mlangoni. Macho yake yalitazama barabara, juu na chini, kwa woga ambao Afisa aliuona mara moja tu maishani, akiwa mtoto.

"Nakuja saa ngapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nani, mama?"

"Hao. Ile mwaka tulikimbia askari, niliwaona, nilijua natoka wapi, nikajua tupite wapi. Sasa niambie. Hawa natoka upande gani?"

 Afisa alitafuta upande wa kumwonyesha, mlima au njia, akakosa, kwa maana hawa hawakupita njia yoyote; walikuja kwa karatasi aliyoitia sahihi yeye mwenyewe.